Ngazi ya Kaplan na Meier: Mwongozo kwa Atakayeanguka

Umeteuliwa. Pole. Kikao cha kusoma makala ni Ijumaa saa moja asubuhi, leo ni Jumatano jioni, na mkuu wa wodi amekuchagua wewe kwa sababu ulikuwa umesimama karibu na mlango. Makala yenyewe ina kurasa kumi na mbili, nawe unajua, kama wajuavyo wenzako wote, kwamba hakuna atakayesoma zaidi ya muhtasari na mchoro mmoja. Mchoro huo ni wenye mistari miwili inayoshuka kwa ngazi kuelekea kulia. Mwongozo huu utakusaidia kuusoma. Hautakuokoa, lakini utajua ulipoangukia.

Tuchukue makala ya nyumbani ili usiseme mambo haya ni ya Wazungu. Jaribio la COAT lilifanyika Mulago hapa Kampala, kule Mbarara, na Cape Town, na matokeo yake yakatoka mwaka 2014 katika New England Journal of Medicine. Wagonjwa walikuwa 177, wote wana VVU na hawajawahi kuanza ARV, wote wameugua homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi. Swali lilikuwa jepesi kuuliza: ARV zianze mapema, yaani wiki moja hadi mbili baada ya ugonjwa kugunduliwa, au zisubiri hadi wiki ya tano? Wengi walikuwa na jibu tayari. Katika maradhi mengine nyemelezi, TB ikiwemo kwa wale ambao kinga imeshuka sana, kuwahi kulikuwa kumeonekana kuokoa maisha. Basi huku nako, wahi. Ukikutana na swali ambalo kila mtu analijua jibu lake kabla ya jaribio, kaa mkao wa kushangaa.

Sasa keti. Weka roleksi yako ya Wandegeya mbali na karatasi, mafuta ya chapati yakidondoka kwenye mchoro hufanana sana na data.

Anza na ukingo wa kushoto. Huo ndio mhimili wa walio hai: juu kabisa asilimia 100, chini sifuri. Hakikisha chini ni sifuri kweli. Baadhi ya wachoraji huanzia 60, na mwanya mdogo kati ya mistari miwili ukaonekana kama bonde la ufa. Wengine huugeuza mchoro, wakahesabu waliokufa badala ya walio hai, na mistari ikapanda badala ya kushuka. Hilo si kosa, ni mtego tu. Utaona mstari uliopanda juu zaidi na moyo wako utafurahi kwa niaba ya wagonjwa wale, kumbe ndio waliokufa wengi. Usifurahi kabla ya kusoma mhimili.

Kisha nenda chini kushoto, kwenye sifuri ya muda, na ujiulize swali ambalo kwa adabu halijawahi kuulizwa kikaoni: saa ilianza kuhesabu lini? Katika COAT watu hawakugawanywa katika makundi siku walipofikishwa hospitali. Kwanza walitibiwa fangasi kwa takriban wiki moja, kwa amfoterisini na flukonazoli, ndipo kura ikapigwa nani aanze ARV mapema na nani asubiri. Aliyefariki siku ya tatu hayumo. Ni kama kuhesabu abiria wa taksi pale stendi kuu ya zamani: konda anahesabu waliokwisha kaa, hana habari na aliyekata tamaa foleni. Kwa hiyo ukisema mchoro huu unaonyesha "wagonjwa wa kriptokokasi wanavyokufa Kampala", umesema uongo, tena wa kusikitisha, maana hali halisi ni mbaya kuliko mchoro. Utasema hivyohivyo. Kila mtu husema.

Sasa tazama ngazi zenyewe. Utashangaa kwa nini mstari haushuki polepole kama mteremko wa Naguru, bali unakwenda sawa, unadondoka ghafla, unakwenda sawa tena. Sababu ni kwamba mstari hushuka tu mtu anapofariki. Pale unapokwenda sawa, hakuna aliyekufa, au hakuna ajuaye. Katika kundi la watu 88, kifo cha kwanza hushusha mstari kwa asilimia moja na kitu kidogo, ngazi fupi isiyoonekana bila miwani. Kumbuka ufupi wa ngazi hiyo ya kwanza, maana tutarudi kwake.

Wenye ngazi hizi ni Edward Kaplan na Paul Meier. Kila mmoja alikuwa amepeleka makala yake kwenye jarida lilelile la wanatakwimu wa Marekani, wazo likiwa karibu moja, na mhariri akawashauri waunganishe. Wakaunganisha, ikatoka mwaka 1958. Ukimwita "Daktari Kaplan-Meier" kana kwamba ni mtu mmoja, hutakuwa wa kwanza Ijumaa hii.

Tumefika kwenye vijiti. Ukiinama utaviona juu ya mstari, vidogo, vimesimama kama nywele za kidevu zilizosahauliwa na wembe. Kuna makala ambamo ni alama za kujumlisha, kuna ambamo ni viduara, na kuna ambamo mchoraji ameviondoa kwa sababu viliharibu sura. Kila kijiti ni mtu ambaye hadi siku hiyo alikuwa hai na baada ya siku hiyo hatujui. Pengine jaribio lilimalizika naye mzima, na hilo ni jambo la heri. Pengine alihamia Arua, au simu imezimwa, au ndugu zake walimbeba usiku wakampeleka kijijini wakisema huko kuna mtu anayemjua vizuri zaidi. Kijiti hakisemi ni lipi kati ya hayo. Kijiti ni kijiti.

Kanuni ya vijiti isiyotamkwa ni hii: havisomwi. Msemaji hupita juu yavyo, wasikilizaji hupita juu yavyo, na akitokea mwanafunzi wa mwaka wa tatu akauliza "vile vidudu ni nini?", anajibiwa kwamba ni swali zuri, halafu ukurasa unageuzwa.

Wewe usigeuze. Fanya hesabu hii kwenye bahasha, itakuchukua dakika tano. Ni wagonjwa kumi wa kubuni, tunaowafuata kwa wiki kumi.

Wiki ya kwanza mmoja anafariki. Waliobaki ni tisa kati ya kumi, mstari unasimama kwenye asilimia 90. Wiki ya pili mmoja anapotea: mstari haushuki, unapata kijiti tu, lakini sasa tunaowajua ni wanane. Wiki ya tatu mmoja wa wanane anafariki. Saba wa wanane wamevuka, basi tunazidisha 0.90 kwa saba ya nane, na mstari unashuka hadi 79. Wiki ya nne wanapotea wawili, wamebaki watano. Wiki ya sita anafariki mmoja wa watano, zidisha kwa nne ya tano, tunafika 63. Wiki ya nane wanapotea wawili tena, na sasa tuna watu wawili tu. Wiki ya tisa mmoja wao anafariki. Zidisha kwa nusu. Mstari unaporomoka hadi 31 na nusu, na pale mwisho amebaki mtu mmoja, peke yake, akiwakilisha theluthi ya kundi zima.

Simama hapo. Vifo vilikuwa vinne, kila kimoja ni mtu mmoja. Lakini cha kwanza kilishusha mstari kwa pointi 10, cha pili 11 na kidogo, cha tatu karibu 16, na cha nne 31 na nusu. Kifo hakikuongezeka uzito, ila wa kukibeba wamepungua. Ndiyo maana mkia wa kulia wa mchoro huwa na ngazi ndefu za kutisha, nao ndio mahali ambapo vidole vyote vya wasikilizaji huelekezwa. "Tazameni, mwishoni mistari inaachana sana!" Naam, inaachana kwa sababu ya mtu mmoja wa wiki ya tisa. Ukiusikia ukumbi ukiguna kwa kuukubali mkia, jua mmeshapotea, na wewe ndiye uliyewaongoza.

Tuendelee na bahasha hiyohiyo, maana lililo baya zaidi halijafika. Waliopotea ni watano. Ikiwa wote wako hai huko waliko, basi walionusurika ni sita kati ya kumi, asilimia 60. Ikiwa wote wamekufa, amenusurika mmoja, asilimia 10. Mchoro unasema 31 na nusu, kwa sauti tulivu, mstari mmoja mweusi usiotetemeka. Umeipata wapi? Umewachukulia waliopotea kuwa wana bahati ileile ya waliobaki, kwamba kupotea hakuhusiani kabisa na kuumwa. Hiyo ndiyo nguzo iliyobeba mchoro mzima, na katika makala imeandikwa kwa sentensi moja kwenye sehemu ya mbinu, kama imeandikwa.

Je, nguzo hiyo ni imara katika nchi yetu? Huko Mbarara watafiti waliamua kuuliza badala ya kudhani. Hawa hawakuwa wagonjwa wa jaribio, ni wagonjwa wa kawaida wa kliniki ya ARV ya hospitali ya chuo kikuu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walioandikwa "amepotea" walikuwa mamia. Watafiti wakachagua sampuli ya 128, wakamtuma mtu akawatafute mmoja mmoja hadi majumbani. Akapata habari za 111. Kati ya hao, 32 walikuwa wameshafariki. Yaani zaidi ya robo ya vijiti vilivyopatiwa habari vilikuwa makaburi. Mtu aliye mahututi hana nauli ya kuja kliniki, na ndugu wa marehemu hawapigi simu kuomba miadi yake ifutwe.

Kwa hiyo agizo: hesabu vijiti. Kisha angalia vimekaa wapi. Vikirundikana mwisho kabisa kulia, ni watu waliofika mwisho wa jaribio wakiwa hai, unaweza kupumua. Vikitapakaa mapema, tena vikiwa vingi kwenye mstari mmoja kuliko mwingine, funga mkoba uulize kulikoni upande ule. Labda dawa inawatapisha wakaacha kuja. Labda wamepona wakaona hakuna haja. Mchoro utawatendea sawasawa wote wawili, na wewe pia utawatendea hivyo, kwa sababu muda umekwisha na bado hujatengeneza slaidi.

Chini ya mchoro kuna safu ya tarakimu ndogo ambazo hazina sura ya kuvutia. Ndizo idadi ya watu ambao bado wako hai na bado tunawajua katika kila kipindi. Wataalamu huwaita "walio hatarini", jina la ajabu kwa watu pekee ambao tuna hakika kwamba wako hai. Safu hii ndiyo bahasha yako iliyofanywa na wenye makala kwa niaba yako: inakuambia ni watu wangapi wanaoushika mstari pale unapoelekeza kidole. Ikiwa kulia kabisa imeandikwa 3, mkia wa mstari ni maisha ya watu watatu. Safu hii ina desturi moja: mtu anapoukata mchoro kutoka kwenye makala ili aubandike kwenye slaidi, huikata. Hakuna anayekusudia. Mshale wa kompyuta hufika chini ya mhimili, mkono huachia, na safu hubaki kwenye karatasi. Wewe usiikate. Nimekuambia, nawe umeitikia.

Sasa tuingie kwenye tarakimu ambayo wote wanaisubiri, iliyoandikwa kwenye kona ya mchoro: uwiano wa hatari. Katika COAT ni 1.73. Mtu aliye kando yako atasema: "Kwa hiyo walioanza mapema walikufa asilimia 73 zaidi." Mtabasamie. Kisha fungua makala uhesabu maiti, kwa maneno yasiyo na adabu. Hadi wiki ya 26, kundi la mapema walifariki 40 kati ya 88, asilimia 45. Kundi la kusubiri walifariki 27 kati ya 89, asilimia 30. Gawa 45 kwa 30 unapata 1.5. Ile 0.23 ya ziada imetoka wapi?

Haijatoka popote, ni vitu viwili tofauti. Uwiano wa hatari hauhesabu waliokwisha kufa mwishoni. Unauliza kila asubuhi: miongoni mwa waliofungua macho leo, kifo kinawachukua kwa kasi gani, na kasi hiyo kundi hili ni mara ngapi ya kundi lile? Jibu ni mara 1.73. Lakini mtu hufa mara moja tu. Kundi linalochukuliwa kwa kasi huishiwa na watu wa kuchukuliwa, kwa hiyo jumla za mwisho hukaribiana kuliko kasi zenyewe. Unaweza kujihakikishia kwa simu yako. Ikiwa wanaosubiri wamebaki asilimia 70, basi walioharakishwa watarajiwe kubaki 0.70 iliyopandishwa kwenye kipeo cha uwiano:

0.70^1.73 = 0.54

Yaani waliokufa ni 46 hivi kwa mia, na makala inasema 45. Zimekutana. Furahia dakika hii, ni mara chache katika maisha ya mwanatakwimu vitu kukutana bila ugomvi.

Kabla hujausema uwiano huo kikaoni, angalia nani ni kipimo cha nani. Hapa waliosubiri ndio kipimo, na walioharakishwa wamelinganishwa nao. Mwenye makala mwingine angegeuza, akaandika takriban 0.58, na ukweli ungebaki uleule kabisa. Wapo waliokwisha kusimama mbele ya ukumbi wakaisifu dawa iliyokuwa inaua, kwa sababu tu walisahau kuuliza moja ni ya nani.

Kando ya 1.73 kuna mabano yenye 1.06 hadi 2.82. Hayo ndiyo masafa ambamo ukweli unaweza kuwa umejificha bila data hizi kushangaa. Ukingo wa chini unagusa karibu moja, na moja maana yake ni hakuna tofauti. Ukingo wa juu ni karibu mara tatu. Kwa hiyo jaribio linasema kwa haki kabisa: kuharakisha kuna madhara, na madhara hayo ni madogo sana au makubwa sana au ya kati. Masafa ni mapana kwa sababu watu ni wachache. Walikusudiwa 500, wakaishia 177, kwani bodi ya kusimamia usalama wa wagonjwa iliona vifo upande mmoja mnamo 2012 ikasimamisha uandikishaji. Iliamua vizuri, nani angeendelea? Ila jaribio linalosimamishwa mapema husimamishwa pale tofauti ilipokuwa inaonekana kubwa, na kwa hiyo huelekea kuikuza. Anayekimbia mbio akaruhusiwa kuacha pale alipokuwa anaongoza ataonekana ameshinda kwa mbali. Nisieleweke vibaya: siamini kwamba COAT ilikosea kuhusu upande. Ni ukubwa ndio ambao ningeubeba kwa mikono miwili.

Utakuta pia kikundi kidogo ndani ya kundi: wagonjwa ambao maji yao ya uti wa mgongo yalikuwa na chembe nyeupe chini ya tano. Kwao uwiano ni 3.87, mabano 1.41 hadi 10.58. Utatamani kuuweka kwenye slaidi ya kwanza kwa herufi nyekundu. Soma mabano tena, polepole: kumi na nukta tano na ushee. Kisha uweke slaidi ya nane.

Sasa jambo lenyewe, lile ambalo nikiwa mkweli ndilo lililonifanya nichague makala hii badala ya nyingine. Rudi kwenye mistari miwili uitazame kwa jicho, bila tarakimu yoyote. Vifo vya ziada vya kundi la mapema vilitokea kati ya wiki ya pili na ya tano tangu ugonjwa ugunduliwe. Baada ya hapo makundi yote mawili yalikufa kwa kasi inayofanana. Maana yake mistari haiendi ikiachana kidogo kidogo hadi wiki ya 26. Inaachana mapema, ghafla, halafu inakwenda sambamba kama reli hadi mwisho.

Ila uwiano wa hatari, jinsi David Cox alivyoujenga mwaka 1972, unadhani kwamba kasi ya kundi moja ni mara ileile ya kasi ya lingine siku zote, Januari hadi Juni. Ukiulazimisha kwenye mchoro kama huu, unakupa wastani: wiki chache ambamo kuharakisha kulikuwa hatari kwelikweli, zimechanganywa na miezi ambamo hakukuwa na tofauti. Umetoka Kampala kwenda Jinja. Saa nzima umekaa Mukono, konda ameshuka kununua mahindi, kisha barabara ikafunguka mkaruka. Wastani wa mwendo wenu ni tarakimu sahihi, ila hakuna dakika hata moja ambayo gari lilikwenda mwendo huo. Ndivyo ilivyo 1.73. Hakuna wiki ambayo mgonjwa yeyote wa Mulago aliishi na 1.73. Aliishi na kitu kibaya zaidi ya hicho, au hakuishi na kitu.

Na daktari wa wodini anahitaji kujua lipi? Si wastani. Anahitaji kujua kwamba hatari ina mlango na mlango huo una tarehe. Hata Shirika la Afya Duniani lilipoandika mwongozo wake wa 2018 halikuandika uwiano wowote kwenye agizo, liliandika muda: ahirisha ARV wiki nne hadi sita tangu matibabu ya fangasi yaanze. Habari yote hiyo ilikuwa ndani ya umbo la mistari, bure, kwa yeyote mwenye macho, na tarakimu ya pembeni ndiyo iliyoificha. Utaitaja tarakimu hata hivyo. Ukumbi usiposikia uwiano wa hatari huhisi haujasomewa makala.

Kama muda ungalipo, fanya hesabu moja ambayo wagonjwa wenyewe wangeielewa. Toa 30 kwenye 45. Unapata 15 kwa mia, karibu mtu mmoja kwa kila saba walioharakishwa, amekufa ambaye angesubirishwa asingekufa. Na usitafute "nusu ya wagonjwa walikufa baada ya wiki ngapi", maana mistari yote miwili haikufika nusu. Hata kundi la mapema lilibakiwa na asilimia 55. Swali halina jibu ndani ya wiki 26. Kuna mtu atachukua rula aurefushe mstari hadi ufike. Mnyang'anye rula.

Haya, ni Ijumaa. Projekta imewaka mara ya tatu. Chai ipo, maandazi yamekwisha kwa sababu wauguzi wa zamu ya usiku walitangulia. Unasoma kwa sauti ya kujiamini: jaribio, miji, watu 177, ARV mapema dhidi ya kusubiri. Unafika kwenye mchoro. Unataja ngazi, unataja vijiti, na mtu mmoja nyuma anainua kichwa kutoka kwenye simu, jambo ambalo halijatokea tangu Februari. Unasema 1.73. Ukumbi unaguna kwa kuridhika.

Kisha profesa mstaafu wa safu ya mbele, yule ambaye huja kwa hiari na huonekana amelala, anafungua jicho moja. "Asante, musawo," anasema kwa upole. "Hiyo moja nukta saba tatu, ni hatari ya lini?"

Na wewe umejiandaa! Unajibu: wiki ya pili hadi ya tano, mzee wangu, baada ya hapo mistari iko sambamba. Anatikisa kichwa kwa kukubali. Mkuu wa wodi anakutazama kwa heshima mpya. Ungeketi hapo ungekuwa umeshinda, lakini hujaketi, unaongeza kwamba usambamba huo unaendelea hadi wiki ya 26 bila shaka yoyote.

"Vizuri," anasema profesa. "Na wiki hiyo ya 26, kila mstari umeshikwa na watu wangapi?"

Unageuka kuitazama slaidi. Mistari iko, ngazi ziko, mhimili upo na wiki zake zote. Chini ya mhimili pamekatwa.